Uzi: Namba zilizosomwa kutoka kwenye picha za grafu za slaidi, nazihakikije kabla ya kuandika muhtasari?

Karani wa Muhtasari

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uzoefu. Nimekabidhiwa faili la slaidi kuhusu ongezeko la watu Tanzania, na kazi yangu ni kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa ajili ya watu ambao hawataziona slaidi zenyewe. Grafu zote zimebandikwa humo kama picha. Iliyo kuu ni grafu ya nguzo inayoonyesha idadi ya watu, kwa mamilioni, katika sensa sita zilizofanyika tangu 1967, na juu ya kila nguzo pameandikwa namba yake. Nimeipitisha picha hiyo kwenye Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, nikapata haya:

```
1967  12.3
1978  17.5
1988  28.1
2002  34.4
2012  44.9
2022  61.7
```

Ukizitazama haraka, zote zinapanda, wala hakuna inayoshtua. Ninachotaka kuandika ni kwamba watu waliongezeka kwa kasi kubwa kati ya 1978 na 1988, kisha kasi ikashuka sana hadi 2002. Wasiwasi wangu ni kwamba picha imefifia na tarakimu ni ndogo, hasa ya 1988, ambayo mstari wa gridi umepita katikati yake, kiasi kwamba hata kwa jicho sina uhakika nimeona nini. Je, kuna njia ya kujua kama namba imesomwa sawasawa, zaidi ya kuikodolea macho?

Mpenda Sensa

Ndugu, unajisumbua bure. Matokeo ya sensa yako wazi kwa kila mtu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeyachapisha. Chukua namba za huko uziandike, uachane na picha.

Bi Grafu

Ndugu Mpenda Sensa, unajibu swali ambalo hakuulizwa mtu. Karani anauliza kama alichosoma ndicho kilichoandikwa kwenye slaidi, nawe unamjibu kuhusu idadi ya kweli ya watu. Hayo ni mambo mawili. Muhtasari wa slaidi ni ripoti ya kile alichosema mtoa mada, na kama mtoa mada mwenyewe alitumia takwimu za awali, au alikosea kuandika, wewe ukiweka namba nyingine kimyakimya utakuwa umemlisha maneno. Tena utakuwa umelificha kosa ambalo msomaji alistahili kulijua. Chapisho rasmi lina nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baada ya kujua slaidi inasema nini.

Karani, kabla ya mengine yote hakikisha kwamba grafu hizo ni picha kweli. Faili la pptx ni kifurushi cha zipu, na unaweza kuorodhesha vilivyomo bila kulifungua kwenye programu ya slaidi:

```
unzip -l mada.pptx | grep -E "charts|embeddings|media"
```

Ukiona kitu kama `ppt/charts/chart1.xml`, basi grafu hiyo ni hai: namba zake zimeandikwa humo ndani kama maandishi ya kawaida, na mara nyingi jedwali lake la Excel limefungwa ndani ya folda ya `embeddings`. Hapo hakuna haja ya kusoma picha hata kidogo. Ukiona `ppt/media` peke yake, ndipo tuendelee.

Karani wa Muhtasari

Asante dada. Nimetazama, na kilichomo ni `media` tu. Grafu kuu ni `image7.jpeg`.

Bi Grafu

Vema. Basi tumia picha hiyohiyo iliyomo kwenye folda, usitumie picha uliyoipiga kwenye skrini, kwa sababu slaidi inapoonyeshwa picha hupunguzwa ukubwa na tarakimu hupoteza umbo. Jihadhari na jambo moja: ikiwa mtoa mada aliikata picha kingo ndani ya slaidi, sehemu iliyokatwa aghalabu hubaki ndani ya faili. Inawezekana ukasoma safu au namba ambayo hadhira haikuionyeshwa kabisa. Linganisha picha na slaidi kabla ya kuhesabu chochote.

Sasa kuhusu namba zako. Badala ya kutazama kama zinapanda, tazama kasi ya kupanda. Kwenye Excel, weka miaka kwenye kolamu A na idadi kwenye kolamu B kuanzia mstari wa pili, kisha kwenye C3 andika:

```
=LN(B3/B2)/(A3-A2)
```

Ukiishusha chini utapata kasi ya ongezeko kwa mwaka kwa kila kipindi. Kwa namba ulizotuletea, kasi ni asilimia 3.2, kisha 4.7, kisha 1.4, kisha 2.7, kisha 3.2. Tazama ya pili na ya tatu, 4.7 na 1.4. Namba moja ikisomwa kubwa kuliko ilivyo, kipindi kinachoishia kwake kitaonekana kimekwenda mbio, na kipindi kinachoanzia kwake kitaonekana kimezorota. Kilima na bonde vinavyofuatana, vikiwa na mwaka mmoja katikati, vinaelekeza kidole kwenye mwaka huo, ambao hapa ni 1988. Ukiweka 23.1 mahali pa 28.1, kasi zote tano zinakuwa 3.2, 2.8, 2.8, 2.7 na 3.2. Hadithi uliyotaka kuiandika, ya kasi kupanda kisha kuporomoka, inayeyuka yote kwa tarakimu moja.

Mpenda Sensa

Nimekuelewa, na naondoa ushauri wangu wa mwanzo. Lakini nawe, dada, angalia: kilima na bonde si ushahidi. Nchi inaweza kweli kuwa na kipindi cha wakimbizi kuingia au mipaka kubadilika, na kasi ikaruka. Ukirekebisha kila kinachoruka, utakuwa unanyoosha historia.

Bi Grafu

Hilo ni sahihi kabisa, na ndiyo maana kasi huniambia mahali pa kutazama tu. Ushahidi unatafutwa ndani ya picha yenyewe, kwa kupima nguzo. Mchoraji wa grafu alikuwa na namba moja, na akaitoa mara mbili: mara moja kama tarakimu, na mara moja kama urefu wa nguzo. Programu inaweza kukosea tarakimu, lakini haigusi nguzo.

Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha nafasi ya kielekezi kwa pikseli, hata Paint inatosha. Soma nafasi ya wima ya alama mbili za mhimili zilizo mbali, kisha nafasi ya kilele cha nguzo. Kumbuka kwamba pikseli huhesabiwa kuanzia juu kwenda chini. Karani, tuletee sifuri iko wapi, 60 iko wapi, na vilele vyote sita.

Karani wa Muhtasari

Sifuri iko pikseli ya 520 na 60 iko pikseli ya 100. Vilele, kuanzia 1967 hadi 2022, ni 434, 398, 358, 279, 206 na 88.

Bi Grafu

Basi pikseli 420 ni sawa na milioni 60, yaani kila milioni moja ina pikseli 7. Nguzo ya 1988 ina urefu wa 520 kutoa 358, ambao ni pikseli 162, na ukigawa kwa 7 unapata 23.1. Kama ingekuwa 28.1, kilele chake kingekuwa kwenye pikseli ya 323, yaani pikseli 35 juu zaidi, na tofauti ya namna hiyo hailetwi na mkono uliotetemeka. Kwa nguzo nyingine hesabu inatoa 12.3, 17.4, 34.4, 44.9 na 61.7. Ile 17.4 dhidi ya 17.5 iliyoandikwa isikutishe, maana pikseli moja ya picha yako ni takriban watu laki moja na arobaini elfu, na kilele hukipati kwa usahihi zaidi ya huo.

Hapo pia ndipo ulipo mpaka wa kipimo hiki. Kinakamata kosa la tarakimu ya kwanza na ya pili. Kosa dogo la tarakimu ya baada ya nukta, kwa mfano 23.1 iliyosomwa 23.2, linapita bila kuonekana.

Fundi wa Picha

Niongeze njia ya mkato. Tesseract inaweza kukupa mahali ilipolikuta kila neno:

```
tesseract image7.jpeg soma --psm 11 tsv
```

Faili la `soma.tsv` lina kolamu za `left`, `top`, `width`, `height` na `conf`. Programu nyingi za kuchora grafu huweka lebo umbali uleule juu ya kila nguzo. Kwa hiyo ukijumlisha `top` na `height` unapata chini ya lebo, na ukilinganisha lebo zote unajua ipi haikai panapolingana na namba iliyosomwa. Kwenye grafu moja hainisaidii sana, lakini slaidi zikiwa nyingi inaniokoa na kupima kwa mkono. Sharti picha unayosoma na unayopima iwe moja: ukiikuza mara tatu ili isomeke vizuri, pikseli zote nazo zinazidishwa kwa tatu.

Kuhusu kolamu ya `conf`, ambayo ni kiwango cha uhakika wa programu, wengi huitegemea kupita kiasi. Namba ndogo humo ni onyo la kweli. Namba kubwa haithibitishi kitu, kwa sababu 3 ambayo uwazi wake wa kushoto umezibwa na uchafu wa JPEG ni 8 safi machoni pa programu, na itakuambia ina uhakika.

Mhasibu wa Tanga

Mabibi na mabwana, mbona mnazunguka? Sisi wahasibu tuna kanuni ya tisa tangu zamani. Jumla ikikataa, chukua tofauti uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Isipogawanyika, namba zako ziko salama na tatizo liko kwenye jumla.

Bi Grafu

Mzee wangu, shikamoo. Kanuni ya tisa naiheshimu, lakini nusu yake ya pili si sahihi, na hata nusu ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya mkono wa binadamu. Mtu anayenakili huandika 54 mahali pa 45, kwa sababu kichwa kinatangulia mkono. Programu inayosoma picha haina tabia hiyo, kwani inasoma maumbo kwa mpangilio yalivyokaa. Makosa yake ni ya kufananisha: 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6, 0 na 6. Kwa hiyo tofauti ya jumla uisome kwa jicho hilo. Tofauti iliyo tano ikifuatiwa na sifuri ni dalili ya 3 na 8. Iliyo sita ni dalili ya 1 na 7, au 0 na 6. Iliyo moja ni dalili ya 5 na 6. Idadi ya sifuri inakuambia kosa liko kwenye makumi, mamia au maelfu.

Mhasibu wa Tanga

Marahaba, binti. Hilo la tano sikuwahi kulifikiria. Nipe mfano wa namba kamili, maana sisi hatuhesabu kwa mamilioni yenye nukta.

Karani wa Muhtasari

Mfano ninao, na ni wa kweli. Slaidi inayofuata ina namba kamili za 2022, nami nimezisoma hivi: wanaume 30,058,130, wanawake 31,687,990, jumla 61,741,120. Nikijumlisha wanaume na wanawake napata 61,746,120. Imezidi kwa 5,000.

Bi Grafu

Mfano mzuri kuliko ambao ningeutunga. Tofauti ni 5,000, kwa hiyo tunatafuta tarakimu ya maelfu iliyokosewa kwa tano. Kwa hesabu tupu kuna njia tatu: 8 ya wanaume ilikuwa 3, au 7 ya wanawake ilikuwa 2, au 1 ya jumla ilikuwa 6. Kwa umbo, ya kwanza ndiyo inayoaminika zaidi, lakini usiishie kwenye kuaminika. Je, slaidi hiyo au nyingine inaitaja tena jumla, kwa mgawanyo mwingine wowote?

Karani wa Muhtasari

Ipo. Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773.

Bi Grafu

Zijumlishe: 61,741,120 kamili. Jumla imethibitishwa kwa njia isiyopitia wanaume wala wanawake, basi tuiondoe kwenye washukiwa. Wamebaki wawili tu, 8 ya wanaume na 7 ya wanawake. Sasa ndipo jicho linapofaa, kwa sababu halitafuti kosa popote pale, linaulizwa swali moja: je, tarakimu ya tano ya wanaume ni 8 au 3? Kata kipande hicho, kikuze, ukitazame pembeni ya 3 nyingine iliyo ndani ya namba hiyohiyo.

Mzee Mhasibu, ona pia kwamba 5,000 haigawanyiki kwa 9, ilhali jumla haikuwa na tatizo lolote.

Karani wa Muhtasari

Nimekikuza. Pembeni ya 3 ya mwanzo na 3 ya baadaye, umbo ni lilelile, ila uwazi wa juu umefifia. Ni 30,053,130, na jumla sasa inakubali.

Afya Kigoma

Samahani kwa kuingia na langu. Sisi tuna slaidi za viwango vya chanjo kwa wilaya, na kila nikisoma picha napata namba kama 87.496 na 12.696. Nilidhani wenzetu wanatumia desimali tatu. Na kwenye grafu duara vipande vitano vinajumlika 99.9. Je, nako nitafute tarakimu iliyokosewa?

Fundi wa Picha

Ndugu Afya Kigoma, hizo ni 87.4% na 12.6%. Alama ya asilimia katika maandishi madogo inafanana na 9 na 6 zilizobanana, na programu huipa tarakimu hizo. Ukiona namba nyingi zinaishia na 96, hilo ndilo jibu. Tena kama umeiwekea programu orodha ya herufi zinazoruhusiwa kwa `tessedit_char_whitelist` na ukaisahau alama ya asilimia, umeilazimisha ifanye hivyo. Mimi siipendi orodha hiyo katika usomaji wa kwanza. Programu ikiachwa huru huandika S au B mahali pa tarakimu inayoitilia shaka, nami naiona. Ikifungwa, inachagua 5 au 8, na onyo linapotea.

Hiyo 99.9 iache. Kila kipande kikikadiriwa kwa desimali moja kinaweza kupoteza au kuongeza hadi 0.05, basi vipande vitano vinaweza kutoka 100 kwa karibu 0.2 bila kosa lolote. Ikifika 99.5, anza kuuliza.

Bi Grafu

Na hata 100 kamili isikulaze. Jumla haijui ni kipande kipi cha wilaya ipi. Kama rangi mbili za ufunguo wa grafu zinafanana na umezibadilisha, jumla itabaki 100 na muhtasari wako utaisifu wilaya isiyostahili. Hapo pima ukubwa wa kipande dhidi ya namba yake, kisha ufuatilie rangi kwa kuchukua thamani ya rangi ya pikseli, usikadirie kwa macho.

Kijana wa Lubumbashi

Kwetu huku mada nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, na desimali yetu ni koma: tunaandika 3,2 na maelfu tunayaachanisha kwa nafasi. Koma kwenye picha ndogo hupotea kabisa na 3,2 inakuwa 32. Je, kipimo cha nguzo kinafaa pale mhimili usipoanzia sifuri? Nimepewa grafu inayoanzia 40.

Bi Grafu

Kinafaa, mradi usitumie msingi wa nguzo kama sifuri. Chukua alama mbili za mhimili zilizoandikwa, tuseme 40 na 60, utafute pikseli ngapi ni sawa na kizio kimoja, kisha hesabu kilele kuanzia alama ya 40. Pia soma alama ya tatu ya katikati. Kama 50 haiko nusu ya njia, basi ama umeisoma vibaya alama mojawapo, ama mhimili ni wa logi, na hesabu ya mgawanyo wa kawaida haifai. Kwa nguzo zilizochorwa kwa sura ya pande tatu, mimi nimekata tamaa: kilele cha mbele na cha nyuma havilingani na mhimili, na sijaona kipimo cha mkono ninachokiamini.

Koma iliyopotea, hata hivyo, ni rahisi kuigundua, kwa kuwa namba inakuwa mara kumi, na nguzo haiwezi kuificha.

Karani wa Muhtasari

Nawashukuru. Nimebaki na jambo moja. Kwenye grafu kuu, tarakimu ya 1988 hata nikiikuza siwezi kuapa kwamba ni 3. Ushahidi wa nguzo unasema 23.1. Je, niandike 23.1 kana kwamba nimeisoma?

Fundi wa Picha

Mimi ningeandika. Tarakimu mbili nyingine zimesomeka, 2 na 1, na nguzo imekubali tarakimu moja tu ya katikati. Hakuna namba nyingine inayoweza kukaa hapo.

Mhasibu wa Tanga

Mimi sikubali. Katika vitabu vyetu, kilichosomwa na kilichokadiriwa haviandikwi kwa wino mmoja. Andika "takriban milioni 23" kwenye muhtasari, na kwenye jedwali weka alama kwamba thamani hiyo imepimwa kutoka kwenye nguzo.

Bi Grafu

Nipo karibu na Mzee, ingawa naona hoja ya Fundi. Jambo moja la kiutendaji: hifadhi jedwali lenye namba ya slaidi, jina la picha, ulichosoma, ulichothibitisha, na njia uliyotumia kuthibitisha. Namba ambayo haikupita kipimo chochote isiingie kwenye sentensi ya muhtasari, hasa sentensi yenye maneno kama "iliporomoka" au "mara mbili". Sasa hivi ndipo chapisho la sensa analolitaja Mpenda Sensa linapofaa. Lilinganishe na jedwali lako lililokamilika, na ukikuta tofauti, iandike kama tofauti kati ya slaidi na chapisho.

Mpenda Sensa

Na grafu za mistari zisizo na lebo yoyote? Kwenye faili kama hilo lazima ipo ya wakazi wa mijini.

Karani wa Muhtasari

Ipo, slaidi ya tisa, na haina hata namba moja juu ya mstari. Nimemwandikia mtoa mada kumwomba jedwali lake la Excel, na humo nimemuuliza pia kuhusu 1988. Mpaka atakapojibu, rasimu yangu inasema "takriban milioni 23", sentensi ya kasi kuporomoka nimeifuta, na slaidi ya tisa nimeieleza kwa mwelekeo wa mstari tu, bila namba.